Jaribio la upangaji upya: kuhesabu mipangilio ambayo tofauti yake haipungui ile iliyoonekana

Jaribio la upangaji upya ni njia ya kupima kama tofauti baina ya makundi mawili madogo inaweza kuwa imetokana tu na bahati ya namna vitu vilivyogawanywa kwenye makundi hayo. Hoja yake ni hii: ikiwa kilichofanyiwa kundi moja hakikubadilisha chochote, basi kila kipimo kingebaki vilevile hata kama kitu kilichopimwa kingeangukia kundi la pili. Kwa hiyo vipimo havibadiliki. Kinachobadilika ni lebo tu, yaani jina la kundi ambalo kila kipimo kimepewa. Tunazipanga lebo upya kwa kila namna inayowezekana, tunahesabu tofauti ya wastani katika kila mpangilio, kisha tunauliza ni mipangilio mingapi iliyotoa tofauti isiyopungua ile tuliyoiona.

Tuchukue mfano wa trei 8 za miche. Kwa kura, trei 4 zilipewa mbolea ya maji na 4 zikapewa maji matupu. Baada ya muda uliopangwa, kila trei ilipigwa picha kutoka juu, na programu ikahesabu ni asilimia ngapi ya pikseli zilikuwa za kijani. Trei zenye mbolea zilitoa 41, 46, 52 na 55. Zile za maji matupu zilitoa 34, 38, 40 na 47. Wastani wa kundi la kwanza ni 48.5 na wa kundi la pili ni 39.75, kwa hiyo tofauti ni 8.75.

Namba za namna hii humtia mtu tamaa ya kusema kwamba mbolea imefanya kazi, maana trei mbili zenye kijani kingi zaidi ziko upande mmoja. Lakini trei ya 47 ilipewa maji matupu, na trei ya 41 ilipewa mbolea. Jicho peke yake haliwezi kusema mchanganyiko huo ni mkubwa au mdogo kiasi gani. Inabidi kuhesabu.

Namna za kuchagua trei 4 kati ya 8 ni 70. Ndiyo idadi ileile aliyoieleza mtakwimu Ronald Fisher mwaka 1935 katika mfano wake wa vikombe 8 vya chai, ambapo vikombe 4 vilitiwa maziwa kwanza na mwonjaji alitakiwa kuvitambua. Kwa kuwa makundi yetu yana ukubwa sawa na jumla ya vipimo vyote 8 ni 353 daima, hatuna haja ya kukokotoa wastani mara 70. Jumla ya kundi la mbolea inatosha, kwa sababu kadiri jumla hiyo inavyopanda ndivyo tofauti nayo inavyopanda. Jumla iliyoonekana ni 194. Swali limekuwa jepesi: kati ya mafungu 70 ya trei nne nne, mangapi yana jumla isiyopungua 194?

Hesabu hii inaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Fungu lisilo na 55 haliwezi kuvuka 52 + 47 + 46 + 41, ambayo ni 186. Fungu lisilo na 52 haliwezi kuvuka 55 + 47 + 46 + 41, ambayo ni 189. Kwa hiyo fungu lolote linalofika 194 lazima liwe na 55 na 52 pamoja, na zile trei mbili zilizobaki lazima zifikishe 87. Jozi zinazofikisha hapo ni nne tu: 47 na 46, zinazotoa jumla kuu ya 200; 47 na 41, zinazotoa 195; 46 na 41, ambazo ndizo tulizoziona, zinazotoa 194; na 47 na 40, zinazotoa 194 vilevile. Mipangilio ni 4 kati ya 70, na sehemu hiyo ndiyo thamani ya p: kwa upande mmoja, yaani tukihesabu ongezeko tu, ni 4/70, takribani 0.057.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe ni dogo sana kwa macho. Tunahesabu mipangilio ambayo tofauti yake haipungui ile iliyoonekana, si ile inayoizidi tu. Mtu anayehesabu iliyozidi peke yake atapata mipangilio 2, na thamani yake ya p itakuwa 2/70, yaani takribani 0.029. Kwa kigezo kinachotumiwa sana, kwamba thamani ya p iwe chini ya 0.05, mmoja atasema matokeo yamekitimiza na mwingine atasema hayajakitimiza, ilhali wote wana picha zilezile mikononi. Mpangilio ulioonekana lazima uhesabiwe, kwa sababu nao ni mmoja wa mipangilio 70 ambayo kura ingeweza kuitoa. Na uliolingana nao lazima uhesabiwe, kwa sababu kama ndio ungetokea, tungeshangaa kwa kiasi kilekile. Dalili ya wazi ya kosa hili ni thamani ya p iliyo sifuri kamili. Jaribio lililohesabiwa sawasawa haliwezi kutoa sifuri, maana mpangilio ulioonekana humo ndani upo daima.

Kompyuta nayo inaweza kulifanya kosa hilohilo bila mwenyewe kujua. Katika Python hesabu ni fupi:

```python
from itertools import combinations
x = [41, 46, 52, 55, 34, 38, 40, 47]
s = sum(x[:4])
k = sum(sum(c) >= s for c in combinations(x, 4))
print(k, k / 70)
```

Kwa namba nzima jibu ni 4. Lakini vipimo vikiandikwa kama desimali, mathalani 0.41 badala ya 41, kompyuta huvihifadhi kwa ukaribio, na jumla mbili zinazopaswa kulingana zinaweza kutofautiana katika tarakimu ya mbali sana, hata alama `>=` ikakataa mpangilio uliostahili kuhesabiwa. Tiba ni kulinganisha na `s - 1e-9` badala ya `s`. Ukadirishaji nao una neno lake hapa. Ikiwa programu ya picha ilitoa asilimia zenye desimali na sisi tukazikadirisha hadi namba nzima, basi ule usawa wa 194 na 194 huenda tumeutengeneza wenyewe. Kwa vipimo halisi jibu lingekuwa mipangilio 3 au 4, kutegemea desimali zilizokatwa. Ni bora kutumia vipimo jinsi vilivyotoka, na kuamua hivyo kabla ya kuona thamani ya p.

Hesabu ya upande mmoja inafaa tu ikiwa, kabla ya kupiga picha, swali lilikuwa kama mbolea inaongeza kijani. Ikiwa tungeshtuka pia kuona mbolea ikikipunguza, inabidi kuhesabu pande zote mbili. Katika makundi yaliyo sawa, kila mpangilio una mwenzake uliogeuzwa, kwa hiyo mipangilio 4 inakuwa 8, na 8/70 ni takribani 0.114.

Udogo wa makundi huweka sakafu ambayo thamani ya p haiwezi kushuka chini yake. Kwa trei 3 dhidi ya 3 kuna mipangilio 20 tu. Hata kama trei zote tatu za mbolea zingekuwa na kijani kingi kuliko kila trei ya maji matupu, matokeo ya pande mbili yangekuwa 2/20, yaani 0.1. Jaribio kama hilo haliwezi kufika chini ya 0.05 kwa pande mbili hata mbolea iwe na nguvu namna gani, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuotesha mbegu ya kwanza. Kwa 4 dhidi ya 4 sakafu ni 2/70, takribani 0.029.

Wengine hujaribu kuipita sakafu hiyo kwa kupiga picha nyingi. Kila trei inapigwa picha 5, zinapatikana picha 40, na lebo zinapangwa upya picha moja moja. Mipangilio inaruka kutoka 70 hadi zaidi ya bilioni 137, na thamani ya p inaporomoka. Hakuna kilichoongezeka ila mafaili. Kura haikupigwa kwa picha, ilipigwa kwa trei. Picha tano za trei moja zinafanana kwa sababu zinaonyesha miche ileile, na mpangilio unaoziweka tatu upande huu na mbili upande ule ni mpangilio ambao kamwe usingeweza kutokea. Njia sahihi ni kuchukua wastani wa picha tano za kila trei kwanza, kisha kupanga upya wastani hizo 8. Faida ya picha za ziada ipo, nayo ni kupunguza mtikisiko wa kipimo cha kila trei. Haiongezi idadi ya trei. Kwa kanuni hiyohiyo, kama trei zilipangwa mbili mbili kwenye rafu nne na kura ikapigwa ndani ya kila jozi, upangaji upya nao hubaki ndani ya jozi, na mipangilio ni 16 tu.

Jaribio hili halioni kabisa kitu kingine kinachotembea pamoja na lebo. Ikiwa trei zote za mbolea zilipigwa picha asubuhi kwenye mwanga wa kivuli, na zile nyingine mchana juani, programu inaweza kuhesabu kijani kingi zaidi kwa sababu ya mwanga peke yake. Hesabu ya mipangilio itatoa jibu lilelile, kwa kuwa inajua namba na lebo tu. Kwa sababu hiyo mpangilio wa kupiga picha nao huchanganywa kwa kura, kamera hufungwa kwenye kiunzi kwa kimo kimoja, mizani ya rangi na mwangaza wa kamera huwekwa kwa mkono na kuachwa bila kuguswa, na kadi ya rangi huwekwa ndani ya kila picha. Aidha, kiwango cha kuamua pikseli ipi ni ya kijani huwekwa na mtu asiyejua trei ipi ni ya kundi gani. Ukijaribu viwango vitano na kuchagua kile kilichotoa thamani ndogo ya p, hesabu ya mipangilio 70 haielezi tena ulichokifanya. Ingebidi uchaguzi huo nao urudiwe ndani ya kila mpangilio.

Makundi yakikua, kuorodhesha kila mpangilio kunakuwa kazi. Kwa 10 dhidi ya 10 iko 184,756, ambayo kompyuta huimaliza haraka. Zaidi ya hapo watu huchukua mipangilio michache kwa bahati nasibu, tuseme 9,999, na thamani ya p huwa idadi ya isiyopungua pamoja na 1, ikigawanywa kwa 10,000. Ile 1 ni mpangilio ulioonekana, ambao bado una nafasi yake kwenye hesabu.

Kwa trei zetu, matokeo yanaandikwa hivi: kati ya mipangilio 70 inayowezekana ya lebo, 8 ilitoa tofauti ya wastani isiyopungua pointi 8.75 za asilimia kwa upande wowote, na lebo zilizopangwa upya zilikuwa za trei, si za picha.