Supremumu si memba mkubwa kuliko wote: ufafanuzi kwa watahiniwa wa kalkulasi

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko ya watahiniwa wanaodai kuwa walipata supremumu sahihi lakini wakanyimwa alama, idara yetu ya hisabati imeona ni vyema kueleza namna majibu hayo yanavyosahihishwa. Mengi ya malalamiko hayo yanatokana na dhana kwamba supremumu ni memba mkubwa kuliko wote katika seti. Sivyo. Supremumu ni mpaka wa juu ulio mdogo kuliko mipaka mingine yote ya juu, na hakuna sharti kwamba uwe ndani ya seti.

Tuchukue seti ya namba zote za umbo n/(n+1), ambapo n ni namba kamili chanya: 1/2, 2/3, 3/4 na kuendelea. Karibu kila mtahiniwa huandika kuwa supremumu yake ni 1, na ni kweli. Hata hivyo, alama nyingi haziko kwenye namba hiyo, bali kwenye hoja mbili zinazopaswa kuifuata. Ya kwanza ni kwamba 1 ni mpaka wa juu, na inatimia kwa kuwa n daima ni ndogo kuliko n+1. Ya pili ni kwamba hakuna mpaka wa juu mdogo zaidi: ukipewa ε yoyote kubwa kuliko 0, hata iwe ndogo namna gani, lazima uonyeshe memba anayezidi 1 − ε. Hapa tofauti kati ya 1 na n/(n+1) ni 1/(n+1), kwa hiyo inatosha kuchagua n iliyo kubwa kuliko 1/ε − 1. Kwa ε = 0.01, n = 99 inatoa 0.99 kamili, ambayo haijazidi; n = 100 inatoa 100/101, takriban 0.9901, nayo imezidi. Anayeishia kwenye hoja ya kwanza amethibitisha jambo ambalo ni kweli pia kwa 2 na kwa 1,000, na hapewi alama za hoja ya pili hata akikata rufaa. Infimumu ya seti hiyohiyo, yaani mpaka wa chini ulio mkubwa kuliko mingine, ni 1/2, nayo imo ndani ya seti.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mtahiniwa anaandika “tuseme s ni supremumu ya seti hii” bila kuonyesha kwamba s ipo. Kabla ya kuandika hivyo ni lazima aonyeshe kuwa seti si tupu na kuwa ina mpaka wa juu, kisha ataje ukamilifu wa namba halisi, yaani kwamba kila seti ya namba halisi isiyo tupu na yenye mpaka wa juu ina supremumu. Sharti la seti kutokuwa tupu si urasimu: kwa seti tupu kila namba ni mpaka wa juu, hivyo hakuna ulio mdogo kuliko yote.

Wapo wanaoona kuutaja ukamilifu ni kupoteza wino, kwa sababu eti kuwepo kwa s ni dhahiri. Namba za uwiano, yaani zinazoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili, zinatii kanuni zote za kujumlisha, kuzidisha na kulinganisha, na bado jambo hilo linashindikana kwake. Chukua seti ya namba chanya za uwiano ambazo mraba wake ni mdogo kuliko 2. Si tupu, maana 1 imo, na 2 ni mpaka wake wa juu. Sasa jaribu kuteua s ya uwiano iwe supremumu, kisha kokotoa t = (2s + 2)/(s + 2), ambayo nayo ni ya uwiano. Ukianza na s = 7/5 unapata t = 24/17; mraba wake ni 576/289, bado chini ya 2, hivyo seti ina memba mkubwa kuliko 7/5. Ukianza na s = 3/2 unapata 10/7; mraba wake ni 100/49, juu ya 2, hivyo 10/7 ni mpaka wa juu mdogo kuliko 3/2. Ni hivyo kwa kila s, kwa kuwa t − s = (2 − s²)/(s + 2) na t² − 2 = 2(s² − 2)/(s + 2)². Inabaki s² = 2, na hakuna namba ya uwiano yenye mraba huo.

Ukamilifu huohuo ndio unaobeba nadharia kwamba fanksheni endelevu iliyo hasi kwenye a na chanya kwenye b lazima ipite kwenye 0. Bolzano aliithibitisha mwaka 1817, na namba halisi zenyewe zilijengwa na Dedekind katika kazi yake ya mwaka 1872. Seti ya nukta kati ya a na b ambapo fanksheni ni hasi ina a ndani yake na ina b kama mpaka wa juu. Kwa ukamilifu, supremumu s ipo. Kama fanksheni ni hasi kwenye s, uendelevu unaifanya iwe hasi pia kwenye nukta zilizo kulia kidogo, na s si mpaka wa juu tena. Kama ni chanya, ni chanya pia kushoto karibu na s, na upo mpaka wa juu mdogo zaidi. Inabaki 0. Ondoa ukamilifu, ubaki na namba za uwiano peke yake, na x² − 2 inatoka hasi kwenye 1 hadi chanya kwenye 2 bila kugusa 0 popote.

Kwa hiyo anayeomba jibu lake la swali la supremumu lipitiwe upya atazame kwanza mstari unaoiingiza s: kama hautaji ukamilifu, hatua zote zinazofuata zinahesabiwa kuwa hazina msingi, hata kama kila moja imeandikwa sawasawa.