"Fundi, Umeibana Mno": Dhana Potofu Kuhusu Kubana Ujumbe wa Sauti

Mwezi huu nimeambiwa mara tatu: "Fundi, umeibana mno, ndiyo maana haisikiki." Kazi yangu ni kuandaa jumbe za sauti za mabwana shamba na mabibi shamba zinazokwenda kwa vikundi vya wakulima, mahali ambapo simu huonyesha herufi E sehemu kubwa ya siku. Faili la dakika nne ninaloletewa huwa na karibu MB 4. Ninalolituma mimi huwa na nusu MB. Mtu akiiona tofauti hiyo, kisha akakosa kusikia neno moja, hukumu inatoka palepale: mbanaji ndiye mwenye kosa.

Mimi huwa naomba kitu kimoja tu. Nileteeni rekodi ya awali, ile ambayo haijabanwa, tuisikilize pamoja kwa spika ya simu. Mara nyingi neno lililopotea halipo hata humo.

Dhana: faili likiwa dogo, maneno hupotea

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu watu wakiiamini wanatengeneza kisicho kibovu na kukiacha kibovu.

Tuanze na hesabu. Faili la sauti hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Zidisha kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti. Rekoda nyingi za simu hutoa faili la m4a la kilobiti 128, kwa hiyo dakika nne ni sekunde 240 mara 128, gawanya kwa 8: KB 3,840. Ukiibana kwa Opus, mfumo wa kubana sauti, kwa kilobiti 16, dakika zilezile nne ni KB 480. Kwenye laini inayopitisha kilobiti 40 kwa sekunde, faili la kwanza linachukua karibu dakika kumi na tatu kupakuliwa. La pili linachukua sekunde 96, yaani linafika kabla msikilizaji hajafika hata katikati ya muda wa kulisikiliza.

Je, kilobiti 16 zinatosha maneno? Zinatosha. Opus ilipitishwa kuwa kiwango cha wazi mwaka 2012, na waraka wake wenyewe, RFC 6716, unataja kilobiti 16 hadi 20 kuwa mahali pazuri kwa maongezi ya ukanda mpana, yaani yenye masafa mengi ya sauti kuliko ya simu ya kawaida. Jumbe za sauti unazorekodi ndani ya WhatsApp nazo ni Opus. Kila siku unasikiliza sauti iliyobanwa namna hii na hulalamiki, mradi aliyeongea alikuwa mahali patulivu.

Hapo kwenye utulivu ndipo penye jambo lenyewe. Kwenye viwango vya chini, Opus hutumia sehemu yake iitwayo SILK, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Inategemea kwamba sauti inatoka kooni na kuumbwa na mdomo, na kwamba koo na mdomo havibadiliki ghafla. Kwa hiyo kutokana na kilichopita inakisia kinachofuata, kisha inahifadhi tu ile tofauti kati ya makisio na ukweli. Sauti safi ya mtu anayeongea inakisika vizuri, na tofauti inayobaki ni ndogo. Mashine ya kusaga, mvua juu ya bati au upepo kwenye maiki havikisiki. Kibanaji hakijui kwamba wewe hutaki kuisikia mashine. Kinajitahidi kuihifadhi nayo, na kilobiti zilezile 16 zinagawanywa kati ya mashine na bwana shamba. Bwana shamba ndiye anayepunjwa.

Nitoe mfano wa kweli. Bwana shamba mmoja aliniletea maelezo ya kupanda mahindi aliyoyarekodi mchana, hatua chache kutoka mashine ya kusaga, simu ikiwa juu ya meza na yeye amesimama. Alisema mistari iachane sentimita sabini na tano, na shimo hadi shimo sentimita thelathini, mche mmoja mmoja. Nikaibana kwa kilobiti 16 na kuituma. Majibu yakarudi: "Shimo hadi shimo ni thelathini au themanini?" Tukaambiwa tumebana mno. Nikatuma upya kwa kilobiti 64, faili likawa na karibu MB 2, wakulima wakatumia bando lao kulipakua. Swali likarudi lilelile. Katikati ya maneno hayo mawili ndipo penye tofauti, na hapo hapo mngurumo ulikuwa umekaa.

Siku ya pili nilimwomba arekodi ndani ya stoo, katikati ya magunia, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni. Nikabana kwa kilobiti 16 zilezile. Hakuna aliyeuliza tena.

Stoo yenye magunia ni studio nzuri kuliko ofisi yenye sakafu ya saruji na kuta tupu, kwa sababu magunia yanameza mwangwi. Chumba chenye godoro na nguo zilizotundikwa kinafanya kazi hiyohiyo, hata gari lililofungwa vioo na kuzimwa injini. Umbali nao una hesabu yake: kila unapouongeza mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja kwenye maiki inashuka desibeli 6, lakini kelele ya chumba inabaki palepale. Mtu aliyeweka simu mezani, mkono mzima kutoka mdomoni, ameshapoteza zaidi ya desibeli 6 ukilinganisha na aliyeishika shubiri moja. Na ishike pembeni kidogo ya mdomo, usiielekeze mbele, maana pumzi ya "p" na "b" inapiga maiki kama ngumi.

Nasisitiza rekodi kwa sababu baada ya hapo tiba ni chache. Programu za kuondoa kelele zinasaidia zikitumiwa kidogo. Zikikazwa, zinaacha sauti inayobubujika kama mtu anaongea akiwa ndani ya maji, na kibanaji kinazidi kuiharibu. Mtu aliyepiga kelele karibu na maiki mpaka sauti ikapasuka, hakuna kitakachoirudisha. Arekodi tena.

Ukiwa na kompyuta na rekodi iliyo safi, amri hii inatosha:

```
ffmpeg -i maelezo.m4a -ac 1 -ar 16000 -af "highpass=f=80" -c:a libopus -b:a 16k -application voip maelezo.ogg
```

`-ac 1` inaacha chaneli moja. `-b:a 16k` ndizo zile kilobiti 16. `highpass=f=80` inaondoa mngurumo wa chini wa upepo na injini, ambako sauti ya mtu karibu haipo. `voip` inaielekeza Opus ijali maneno kuliko muziki. Kama mahali ni pagumu na kelele haiepukiki, panda hadi kilobiti 24, ambazo ni KB 180 kwa dakika. Itapunguza madhara kidogo, lakini mashine bado utaisikia. Usiye na kompyuta, rekodi moja kwa moja ndani ya WhatsApp badala ya kutuma faili la rekoda kama dokumenti. Inabana pale pale, mara moja.

Dhana: ukiibadilisha kuwa MP3 ya 128 inakuwa wazi zaidi

Wapo wanaopokea ujumbe wa WhatsApp, wanaupitisha kwenye tovuti ya kubadilisha mafaili, wanapata MP3 kubwa na kuituma kikundini "ili isikike vizuri". Kilichotupwa wakati wa mbano wa kwanza hakirudi. Umechukua maji ya kikombe ukayamimina kwenye ndoo. Faili limekuwa kubwa karibu mara nane na limebanwa mara ya pili, na kila mbano unaongeza ukungu wake juu ya uliokuwapo. Kusambaza ujumbe kwa kitufe cha kufowadi hakuna shida, faili linabaki lilelile. Kuucheza kwenye simu moja na kuurekodi kwa nyingine ni kosa kubwa kuliko yote, maana hapo umeongeza na mwangwi wa chumba.

Dhana: simu za zamani zilitumia ukanda mwembamba na tulielewana, basi tushuke hadi mwisho

Simu ya kawaida ilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400. Tulielewana kwa sababu tulikuwa tukijibizana, usiposikia, unauliza. Ujumbe wa sauti hauulizwi. Ukishusha Opus hadi kilobiti 6 au 8 inarudi kwenye ukanda huo mwembamba, na sehemu kubwa ya mvumo wa "s" iko juu ya hapo. "S" na "f" zinaanza kufanana. Jaribu kumweleza mkulima kwamba fomu inahitaji saini, naye akasikia faini. Kutoka kilobiti 8 kwenda 16 unaongeza KB 60 tu kwa dakika. Sioni sababu ya kuzibania.

Dhana ndogondogo

Kuzipu faili la sauti iliyokwisha kubanwa hakupunguzi kitu cha maana, kunamwongezea tu msikilizaji kazi ya kulifungua. Stereo haina faida kwa mtu mmoja anayeongea. Ni maneno yaleyale mara mbili yanayogombania kilobiti zilezile. Na wale wanaokata kila kituo ili kuokoa ukubwa, waache: Opus inatumia biti chache sana penye ukimya, na msikilizaji anahitaji kituo hicho ili aandike namba.

Penye ukomo wa kweli

Simu nyingi za kitochi hazifungui Opus. Kwa wenye simu hizo ninaandaa MP3 ya chaneli moja, kilobiti 32, ambayo ni KB 240 kwa dakika, nao wanaipokea kwenye memori kadi. Msishuke chini ya hapo kwa MP3. Haikuundwa kwa viwango hivyo, na ikifika kilobiti 16 sauti inakuwa ya bati. Kama simu inapokea aina ya faili iitwayo AMR peke yake, kiwango chake cha juu kwa ukanda mwembamba ni kilobiti 12.2, na lile tatizo la saini na faini linarudi. Hapo namwomba anayeongea aitaje kila namba mara mbili kwa njia mbili: "sentimita thelathini, tatu sifuri, sawa na rula moja ya shule."

Kabla ya kutuma chochote, nampa mtu ambaye hajausikia ujumbe. Anausikiliza mara moja kwa spika ya simu yake, nje, na kuandika kila namba na kila jina analosikia. Namba moja ikikosewa, ninaanza kwa kuirudia rekodi, siigusi `-b:a`.