Elimu kwa Umma: Waraka wa Makabidhiano ya Seva ya Barua Pepe ya Shule

Kila shule zinapofungua Januari, dawati letu la huduma za vikoa hupokea malalamiko ya aina moja: barua pepe za shule hazifiki, kijana aliyekuwa akisimamia seva kwa kujitolea amehama, na hakuna anayejua pa kuanzia. Mara nyingi waraka wa makabidhiano upo. Tatizo ni kwamba umehifadhiwa kwenye seva ileile iliyozimika, au umetumwa kwa anwani ya shule ambayo sasa haifunguki. Kwa hiyo, uchapisheni. Nakala moja ikae kwenye kabati la chuma la mwalimu mkuu, na nyingine aishike mjumbe mmoja wa bodi.

Sehemu ya mpangilio isizidi ukurasa mmoja. Tuchukue shule yenye kikoa mfano.sc.tz na seva moja ya Debian: Postfix inapokea na kutuma barua, Dovecot inawafungulia walimu visanduku vyao, na OpenDKIM inatia saini barua zinazotoka. Andika anwani ya IP, jina la kampuni inayokodisha seva, na mahali zinapohaririwa rekodi za DNS, yaani zile zinazoelekeza jina la kikoa kwenye seva, kwa sababu mara nyingi hapo si kwa msajili wa kikoa. Andika pia matoleo ya programu. Debian 13 ilikuja na Dovecot 2.4, na faili za mipangilio za 2.3 hazifanyi kazi humo bila kurekebishwa. Atakayejenga seva upya akiweka toleo jipya na kurudisha mipangilio ya zamani atapoteza saa nyingi akitafuta kosa ambalo si lake.

Sasa malipo na tarehe, ambako ndiko shule nyingi huangukia. Kuna mambo matatu yanayoisha muda, kila moja kwa mlango wake: kikoa, seva na cheti cha TLS kinacholinda mawasiliano na seva. Tunaomba watu waache kusema "tumeshalipia intaneti." Malipo ya intaneti ya ofisini hayahusiani na hata kimoja kati ya hivyo.

Kikoa kikiisha, madhara yake si sawa na ya seva kuzimika. Seva ikizimika, seva za wanaowaandikia hushikilia barua na kujaribu tena. Postfix kwa kawaida hujaribu kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji. Kikoa kikiondolewa kwenye DNS, mtumaji huambiwa papo hapo kwamba jina halipo, na barua yake haisubiri chochote. Mzazi aliyeandika siku hiyo asipoandika tena, barua hiyo hamtaipata kamwe.

Kwa vikoa vya .com na .org, msajili analazimika kutuma vikumbusho viwili kabla ya tarehe ya mwisho, kimoja takriban mwezi mmoja kabla na kingine takriban wiki moja kabla, na kingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Msajili akishakifuta kikoa, kuna siku 30 za kukikomboa, kwa ada ya ziada juu ya ada ya kawaida, kisha siku 5 ambazo hakiguswi, halafu kinakuwa huru kwa yeyote. Siku za .sc.tz zisikisiwe kutokana na hizi. Zinakiliwe kwenye waraka kutoka masharti ya msajili wenu.

Vikumbusho hivyo vinakwenda wapi? Tunakuta akaunti ya msajili imeandikishwa kwa admin@mfano.sc.tz. Kikoa kikishakufa, hata kiungo cha kubadili nywila kinatumwa kwenye kisanduku kisichofunguka. Anwani ya mawasiliano ya msajili iwe nje ya kikoa cha shule, na iwe ya shule, si ya msimamizi binafsi. Namba za uthibitisho wa hatua mbili nazo zisiende kwenye simu ya anayeondoka. Chapisheni zile namba za akiba, mzitie kwenye bahasha iliyofungwa. Nywila hazikai kwenye waraka wenyewe, wala hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, jambo ambalo tumeliona zaidi ya mara moja. Visanduku hivyo vina taarifa za wanafunzi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, shule ndiyo inayowajibika kuzilinda, na kufichua taarifa kinyume cha sheria kuna adhabu ya faini, kifungo au vyote viwili. Kusema "yule alikuwa anajitolea tu" hakuiondolei shule wajibu huo.

Cheti ni rahisi zaidi, ila kina mtego. Cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena barua za kukumbusha. Programu ya Certbot hukihuisha yenyewe. Lakini Dovecot na Postfix zinaweza kuendelea kutumia cheti cha zamani kilichobaki kwenye kumbukumbu, ndipo simu za walimu zinapolalamika ilhali faili kwenye diski ni jipya. Weka hati hii ndani ya `/etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/` na uipe ruhusa ya kuendeshwa:

```
#!/bin/sh
systemctl reload postfix dovecot
```

Kisha mara moja kwa mwezi kagua cheti ambacho seva inakionyesha kweli, si kilichopo kwenye diski:

```
openssl s_client -connect mail.mfano.sc.tz:993 </dev/null | openssl x509 -noout -enddate
```

Tarehe ikiwa karibu kuliko wiki tatu, kuna kitu kimekwama. Anza kwa kuangalia kama poti 80 imefungwa, maana uthibitisho wa kawaida wa Certbot unapitia hapo.

Nakala rudufu ziwe kwenye mashine nyingine, na ziwe na `/etc` yote pamoja na folda ya barua, kwa mfano `/var/vmail`. Ndani ya `/etc` mna ufunguo wa DKIM; ukipotea itabidi utengeneze mwingine na kubadili rekodi ya DNS.

Tuseme diski imekufa Ijumaa jioni. Usikimbilie kuwasha Postfix. Postfix iliyo hewani bila orodha ya watumiaji huijibu kila barua kwa kosa la 550, na seva ya mtumaji hulichukua hilo kama jibu la mwisho. Wakati huo, kuzimika ni salama kuliko kuwaka nusu. Sakinisha toleo lilelile la Debian, acha poti 25 imefungwa, rudisha `/etc/postfix`, `/etc/dovecot`, `/etc/opendkim.conf`, `/etc/opendkim` na `/etc/letsencrypt`, kisha barua:

```
rsync -a --numeric-ids chelezo:/vmail/ /var/vmail/
```

Mtumiaji vmail lazima awe na namba ileile ya UID aliyokuwa nayo, ambayo mara nyingi ni 5000. Ikitofautiana, walimu wataingia na kukuta hitilafu ya ruhusa, nao watadhani barua zimefutwa. Kabla ya kufungua poti, weka kinga:

```
postconf -e 'soft_bounce = yes'
systemctl restart postfix
```

Mpangilio huu hugeuza makosa ya kudumu kuwa ya muda, hivyo barua inayokataliwa kimakosa itajaribiwa tena. Ikiwa anwani ya IP imebadilika, rekebisha rekodi ya A na ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua zenu, na uiombe kampuni ya seva irekebishe rekodi ya PTR, inayoonyesha jina la anwani hiyo ya IP. Bila hiyo Gmail inaweza kukataa barua zenu.

Jaribu kutuma na kupokea kwa anwani mbili za nje, soma `/var/log/mail.log` au `journalctl`, na orodha ikishakuwa sahihi rudisha `soft_bounce = no` siku hiyohiyo. Ukiisahau, kila barua ya anwani iliyokosewa itabaki kwenye foleni ya mtumaji kwa siku kadhaa kabla hajajua kwamba haikufika.