Mapitio ya kazi tangulizi si orodha ya mihtasari

Mapitio ya kazi tangulizi ni hoja inayoonyesha waliotangulia wamefikia wapi katika swali lako, wanapingana wapi, na utafiti wako unaingilia wapi. Fasili inatosha hapo. Kinachosumbua ni mwanafunzi kuambiwa na msimamizi wake kwamba Sura ya Pili imekuwa orodha, naye akaenda kuigawa kwa vichwa vidogo: kazi za nje ya Afrika, za Afrika, za Tanzania. Ndani ya kila kichwa bado kuna “Fulani (mwaka) alitafiti… aligundua…”. Orodha moja imekuwa tatu. Hata kupanga kwa mada hakutoshi ikiwa aya hazijibizani.

Chukua tasnifu kuhusu mdundo katika mashairi huru ya Kiswahili. Kwa mtindo wa orodha, Amri Abedi (1954) ana aya yake ya sheria za utunzi, Mulokozi na Kahigi (1979) wana yao ya fasili ya ushairi, na mwisho unasoma kwamba “hakuna aliyeshughulikia mada hii”. Zibadilishane nafasi aya hizo mbili, hakuna kitakachoharibika. Hapo ndipo unapojua kuwa hoja haipo.

Kabla ya kuandika upya, chora jedwali. Kila kazi ipe mstari wake, na kila safu iwe swali: vina na mizani ni sharti au la? Nini kinalifanya shairi kuwa shairi? Mdundo unatoka wapi? Jaza, kisha soma safu kutoka juu kwenda chini. Safu ndiyo inayozaa aya, mstari unazaa muhtasari tu.

Ukisoma safu ya kwanza, unapata jambo la kusema: “Vina na mizani vimejadiliwa zaidi kama kipimo cha uhalali wa shairi. Kwa Abedi, ni sharti. Mulokozi na Kahigi wanakataa kuvifanya kiini. Wanatia mkazo mpangilio wa maneno, lugha ya mkato na picha. Lakini mizani ikiondolewa, mpangilio huo unasikikaje masikioni?” Sentensi ya kwanza haina jina la mtu, ina dai. Majina yanafuata kama ushahidi wa dai hilo, na swali la mwisho linadai aya inayofuata. Kazi isiyojibu safu yoyote iondoe, hata kama uliisoma kwa wiki nzima. (Hapa ndipo wengi hugoma.)

Safu yenye majibu machache au yanayogongana ndiyo inayokuonyesha pengo. Kwa hiyo, “hakuna aliyefanya utafiti huu katika wilaya yangu” bado si pengo, mpaka uonyeshe ni jibu gani kati ya yaliyopo ambalo wilaya hiyo inaweza kulitikisa.