Matawi yasiyofika moja: dhana potofu katika kukagua mchoro wa mti

Mfukoni mna gololi 10, nyekundu 6 na buluu 4. Unatoa moja bila kuchungulia, huirudishi, kisha unatoa ya pili. Swali: kuna uwezekano gani wa kupata gololi mbili za rangi tofauti?

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea daftari lenye mchoro wa mti wa swali hili. Matawi ya kwanza yalikuwa sawa kabisa: 6/10 kwa nyekundu, 4/10 kwa buluu. Kutoka kwenye nyekundu alichora matawi mawili, nyekundu tena 5/9 na buluu 4/10. Kutoka kwenye buluu akaandika nyekundu 6/9 na buluu 3/9. Jibu lake lilikuwa 0.507. Jibu sahihi ni 48/90, yaani 0.533. Nilipomuuliza kama alikagua kazi yake, alisema ndiyo, alijumlisha matawi. Nilimwamini, maana namba alizojumlisha zilikuwa zimeandikwa pembeni kwa penseli. Alichokosea ni kuchagua matawi ya kujumlisha.

Dhana: matawi yote ya safu moja yakijumlishwa lazima yafike 1

Alichukua safu nzima ya pili: 5/9, 4/10, 6/9 na 3/9. Akapata karibu 1.96. Kwa kuwa alitarajia 1, akahitimisha kwamba kanuni ya kufika 1 inahusu matawi ya kwanza tu, akaendelea na hesabu.

Ukweli ni kwamba kanuni inahusu njia panda moja moja. Simama pale ambapo gololi ya kwanza imeshatoka na ni nyekundu. Kuanzia hapo, ya pili itakuwa nyekundu au buluu. Haiwezi kuwa zote mbili, na hakuna rangi ya tatu. Ndiyo maana matawi mawili yanayochipuka pale, na hayo peke yake, lazima yatimize 1. Njia panda ya upande wa buluu ina 1 yake. Kwa hiyo safu ya pili nzima ya mti huu, ikiwa sahihi, inafika 2, kwa sababu ina njia panda mbili. Mti wenye matawi matatu ya kwanza, yote yakiendelea, safu yake ya pili itafika 3.

Sasa kagua inavyopaswa. Njia panda ya kwanza: 6/10 + 4/10 = 1, sawa. Ya upande wa buluu: 6/9 + 3/9 = 1, sawa. Ya upande wa nyekundu: 5/9 ni 50/90, 4/10 ni 36/90, jumla 86/90. Imepungua 4/90. Kosa limeshapatikana lilipo, bila kugusa sehemu nyingine ya mti.

Dhana hii ina ubaya mkubwa kuliko unavyoonekana, na ningependa kila anayefundisha mada hii aujue. Wapo wanafunzi ambao kwenye tawi la pili huandika uwezekano wa njia nzima badala ya uwezekano wa hatua ile moja. Katika mfuko wetu wataandika 30/90 na 24/90 upande wa nyekundu, 24/90 na 12/90 upande wa buluu. Jumlisha safu nzima: 90/90, yaani 1 kamili! Anayekagua kwa safu ataukubali mti huu uliokosewa na kuukataa ulio sahihi. Kisha atazidisha tena na matawi ya kwanza, na majibu yote yatatoka madogo mno.

Kosa hili lina alama yake. Jumlisha matawi ya njia panda ya nyekundu: 30/90 + 24/90 = 54/90, ambayo ni 6/10. Upande wa buluu, 24/90 + 12/90 = 36/90, ambayo ni 4/10. Ukiona jumla ya njia panda inalingana na tawi lililokufikisha pale, karibu kila mara maana yake ni kwamba kuzidisha kumeshafanyika mapema. Namba zenyewe si za kutupwa. Zihamishie kwenye ncha za njia, ndipo mahali pake, kisha uandike upya matawi.

Dhana: ikipungua, toa kwenye 1 ujaze

Hii ndiyo dawa inayotumiwa haraka zaidi, na hapa ndipo makosa mapya huzaliwa. Njia panda ya nyekundu ina 5/9 na 4/10, haifiki 1. Mmoja atashika 5/9 na kuhesabu 1 − 5/9 = 4/9. Amepatia. Mwingine atashika 4/10 na kuhesabu 1 − 4/10 = 6/10. Sasa matawi yanatimiza 1 vizuri, na yote mawili ni makosa. Wote wawili wamefuata utaratibu uleule. Tofauti yao ni bahati ya tawi waliloanza nalo. Wapo pia wanaogawa kila tawi kwa jumla ili ifike 1, wakapata 50/86 na 36/86, sehemu ambazo hakuna mfuko wa gololi tisa unaoweza kuzitoa.

Jumla inakuambia kwamba kuna kosa na liko njia panda gani. Haikuambii ni tawi lipi. Hilo utalipata kwa kurudi kwenye mfuko wenyewe: nyekundu moja imetoka, zimebaki gololi 9, nyekundu 5 na buluu 4. Kwa hiyo 5/9 na 4/9. Aliyeandika 4/10 alifikiri hivi: buluu hazijaguswa, kwa nini zibadilike? Ni kweli buluu bado ni nne. Kilichobadilika ni idadi ya gololi zilizomo, na idadi hiyo ndiyo asili ya kila sehemu inayoandikwa pale. Hili lifafanuliwe kwa utulivu, kwa sababu fikra yake ina mantiki nusu.

Kutokana na hilo, ukaguzi wa haraka kuliko kujumlisha ni kutazama asili. Unapochota kwenye mfuko, matawi ya njia panda moja yana asili moja. Ukiona 9 jirani na 10, simama. Lakini ukaguzi huu unakufa pale mtu anaporahisisha sehemu mapema. 4/10 ikiandikwa 2/5, macho hayashtuki tena, na 6/9 iliyo sahihi ikiandikwa 2/3 inaonekana ngeni jirani na 3/9. Nawasihi wanafunzi wangu waache sehemu kama zilivyo juu ya mti, warahisishe kwenye jibu la mwisho tu.

Dhana: inatosha kujumlisha ncha za njia zote

Ncha za mti wote ndizo zinazopaswa kufika 1 kwa pamoja. Kwa mti wa mwanafunzi wangu tunapata 0.333, 0.240, 0.267 na 0.133, jumla 0.973. Imepungua 0.027, kwa hiyo kosa limeonekana. Mbona tusiishie hapo?

Tazama upungufu wenyewe. Kwenye njia panda ulikuwa 4/90, yaani 0.044. Kwenye ncha umekuwa 0.027. Umepungua kwa sababu umezidishwa na 6/10, uwezekano wa kufika kwenye njia panda ile. Sasa fikiria mti ambao njia panda yenye kosa hufikiwa kwa uwezekano wa 0.02 tu, na matawi yake yamepungua 0.1, kosa kubwa la wazi. Ncha zitafika 0.998. Karibu kila mtu ataona ni suala la kukadiria desimali, ataendelea. Pia njia panda moja ikizidi na nyingine ikipungua, ncha zinaweza kutua kwenye 1 huku mti una makosa mawili. Anza na njia panda, ncha zije baadaye.

Kukadiria desimali kupo, hata hivyo, na si kosa. Matawi matatu ya 1/3 yakiandikwa 0.33 yanafika 0.99. Kila tawi lililokadiriwa kwa nafasi mbili linaweza kupotoka hadi 0.005, kwa hiyo matawi matatu hayawezi kupotoka zaidi ya 0.015. Jumla ya 0.99 inavumilika, 0.96 ina kosa la kutafutwa.

Na kuna upungufu unaotokana na tawi lisilochorwa kabisa. Timu ina uwezekano wa 0.5 kushinda na 0.3 kushindwa, jumla 0.8. Namba hizo hazina tatizo. Sare imesahauliwa, nayo ina 0.2.

Dhana: kila njia panda ikifika 1, mti ni sahihi

Chora mti wa mfuko uleule ukiandika 6/10 na 4/10 kila mahali. Kila njia panda inafika 1. Ncha ni 0.36, 0.24, 0.24 na 0.16, jumla 1. Jibu linakuwa 0.48, na si sahihi, kwa sababu huo ni mti wa gololi inayorudishwa mfukoni.

Kosa jingine linalopita ukaguzi wa jumla ni kuandika 5/9 na 4/9 upande wa buluu pia, kwa kunakili kutoka upande wa nyekundu. Hili lina ukaguzi wake wa pekee. Kama hujui ya kwanza ilikuwa rangi gani, uwezekano wa ya pili kuwa nyekundu unabaki 6/10, kwa kuwa hakuna gololi iliyopendelewa kutoka mara ya pili. Katika mti sahihi, jumlisha ncha mbili zinazoishia nyekundu: 30/90 + 24/90 = 54/90, ndiyo 6/10. Katika mti ulionakiliwa utapata 30/90 + 20/90 = 50/90, na kosa limeonekana.

Ukaguzi huo hauukamati mti wa gololi inayorudishwa, ambao nao unatoa 0.36 + 0.24 = 0.6. Unaoweza kuukamata ni sentensi ya swali tu, kwenye neno "huirudishi". Mwanafunzi wangu alikuwa amelipigia mstari neno hilo, na bado 4/10 ikabaki juu ya tawi.