Lazima, yamkini na rundo la kete

Anayeanza kusoma mantiki modali huonyeshwa alama mbili mpya, kisanduku □ kinachosomwa "ni lazima kwamba" na almasi ◇ inayosomwa "yamkini kwamba", na hapohapo hupewa kanuni ya kukariri: □p ni sawa na ¬◇¬p, ambapo p ni sentensi yoyote na ¬ ni kikanushi, "si kweli kwamba". Mimi sipendi kanuni hii ikaririwe. Mtu akishaelewa malimwengu yanafanya kazi gani, kanuni inajitokeza yenyewe. Na aliyeikariri tu hukwama palepale inapoanza kuwa na utamu.

Kwanza tuondoe woga wa neno "ulimwengu". Wazo la kwamba lazima ni lile lililo kweli katika kila ulimwengu unaowezekana huhusishwa na Leibniz, na David Lewis katika kitabu chake cha 1986 alishikilia kwamba malimwengu hayo yapo kikweli kama huu wetu. Huhitaji kumfuata huko. Kwa mwanamantiki anayefanya hesabu, ulimwengu ni kituo tu: ukisimama hapo, kila sentensi sahili ni kweli au si kweli. Saul Kripke, aliyezaliwa 1940, alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1959, na humo malimwengu yote yalihesabika sawa. Katika makala ya 1963 aliongeza kitu kilichobadilisha kila kitu: mishale. Kutoka kituo hiki unaweza kufika vituo vile, si lazima vyote. Basi maana ya alama zetu ni hii:

□p ni kweli katika ulimwengu w ikiwa p ni kweli katika kila ulimwengu ambao mshale wa w unaufikia.

◇p ni kweli katika w ikiwa p ni kweli katika angalau ulimwengu mmoja ambao mshale wa w unaufikia.

Ni "kila" na "angalau mmoja" tu, zimevaa nguo nyingine. Ndiyo maana kanuni ile haina muujiza. Ukisema hakuna hata ulimwengu mmoja unaofikika ambamo p si kweli, umesema p ni kweli katika yote yanayofikika. Tunafanya hivyo kila siku bila alama: anayesema "haiwezekani asiwe nyumbani" na anayesema "lazima yuko nyumbani" wamesema neno moja. Kwa njia hiyohiyo ◇p ni ¬□¬p. Kikanushi kinapovuka alama, alama hugeuka: ¬□p inakuwa ◇¬p, na ¬◇p inakuwa □¬p.

Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza, kwa sababu ¬□p na □¬p zinafanana machoni. "Si lazima aje" haimzuii mtu kuja. "Lazima asije" inamfungia mlango. Ya kwanza inahitaji kituo kimoja tu kinachokataa p. Ya pili inadai vyote vinavyofikika vikatae. Mtu akichanganya hizi mbili, dalili yake ni kwamba baada ya mistari michache anathibitisha kwamba chochote kisicho cha lazima hakiwezekani.

Sasa tuchukue mfano wenye malimwengu halisi ya kuhesabika. Kuna rundo la kete na wachezaji wawili wanaopokezana zamu. Kwenye zamu yako unaondoa kete moja au mbili, basi. Asiye na hatua ya kucheza ameshindwa. Kila ulimwengu ni idadi ya kete zilizobaki, na mishale ni hatua halali: kutoka 4 unafika 3 na 2, kutoka 2 unafika 1 na 0, kutoka 1 unafika 0 peke yake, na kutoka 0 hufiki popote.

Acha p iwe "kete zilizobaki ni shufwa". Simama kwenye 2. Unaona 1, ambayo ni witiri, na 0, ambayo ni shufwa. Kwa hiyo ◇p ni kweli na ◇¬p ni kweli pia, maana yake □p si kweli na □¬p si kweli. Ila □(p ∨ ¬p) ni kweli bila ubishi, kwa kuwa kila kituo ni shufwa au witiri. Kwa hiyo "ni lazima liwe hili au lile" haikupi ruhusa ya kusema "ni lazima liwe hili, au ni lazima liwe lile". Kisanduku hakigawanyiki juu ya "au". Almasi nayo haiungani juu ya "na": ◇p na ◇¬p zote ni kweli hapa, lakini ◇(p ∧ ¬p) haiwezi kuwa kweli, kwani hakuna kituo kilicho shufwa na witiri kwa pamoja. Hasara hizi mbili ni moja iliyotazamwa pande mbili. Geuza alama kwa vikanushi na utaipata moja kutoka kwa nyingine.

Simama kwenye 1. Kituo pekee unachokiona ni 0, kilicho shufwa, kwa hiyo □p ni kweli. Lakini 1 yenyewe ni witiri. Lililo la lazima hapa si kweli hapa! Wanaoanza hushtuka, kwa sababu wanadhani □p → p ni sehemu ya maana ya kisanduku. La hasha. Fomula hiyo inashika pale tu kila kituo kinapojiona chenyewe, na katika mchezo wetu hakuna kituo kinachojiona: ukicheza, rundo lazima lipungue.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote ni 0. Hakuna mshale unaotoka. Je, □p ni kweli? Ndiyo: katika kila kituo kinachofikika, p ni kweli, kwa kuwa hakuna kinachofikika cha kuipinga. Je, □¬p? Ndiyo pia, kwa sababu hiyohiyo. Hata □(p ∧ ¬p) ni kweli. Na ◇p? Si kweli, kwani almasi inahitaji angalau kituo kimoja, na hapa hakipo. Angalia kwamba kanuni yetu ya kugeuza haijaguswa: □p ni kweli, ◇¬p si kweli, sawasawa kabisa. Kilichoanguka ni kitu kingine, □p → ◇p, dai kwamba la lazima linawezekana. Watu hulichukulia kuwa ni dhahiri, kumbe linataka sharti lake: kila kituo kiwe na angalau mshale mmoja wa kutoka.

Unaweza kuona huu kuwa ni ujanja wa wanamantiki, ukweli mtupu unaopatikana kwa kukosa mpinzani. Mchezo wenyewe unaonyesha sivyo. Acha s iwe "mwenye zamu ana njia ya kushinda, hata mpinzani acheze vizuri namna gani". Lini una njia ya kushinda? Unapokuwa na hatua angalau moja inayompeleka mpinzani mahali ambapo yeye, sasa akiwa mwenye zamu, hana njia. Hiyo ni almasi:

s ↔ ◇¬s

Kanusha pande zote mbili na upitishe kikanushi ndani:

¬s ↔ □s

Yaani umekwisha pale ambapo kila hatua yako inampa mpinzani njia ya kushinda. Sikuhitaji kufikiria upya hali ya anayeshindwa. Kanuni ya kugeuza alama imenipa bure.

Tuhesabu kuanzia chini. Kwenye 0, □s ni kweli kwa kukosa mishale, kwa hiyo ¬s: mwenye zamu ameshindwa. Sheria ya mchezo ilisema hivyohivyo, "asiye na hatua ameshindwa", lakini sasa unaona haikuwa lazima iandikwe kando. Tayari imo ndani ya maana ya kisanduku. Kwenye 1 unaona 0, ambako ¬s, kwa hiyo ◇¬s ni kweli na una njia. Kwenye 2 pia unaiona 0, una njia. Kwenye 3 unaona 2 na 1, na kote huko s ni kweli. □s ni kweli, umekwisha. Kwenye 4 unaiona 3, na 5 nayo inaiona 3, kwa hiyo kote una njia. Kwenye 6 unaona 5 na 4, umekwisha tena. Mgawo wa tatu unaanza kuonekana: rundo likigawanyika kwa 3 bila baki, mwenye zamu hana lake. Na kama mtu angekataa kwamba □s ni kweli kwenye 0, hesabu nzima ya juu yake ingebomoka.

Hesabu hii ilifanikiwa kwa sababu mishale yote inashuka, na mnyororo wake lazima uishie mahali. Ongeza sheria moja: mchezaji anaweza pia kupitisha zamu bila kuondoa kete. Sasa kila kituo kinajiona. □p → p inashika kila mahali, □p → ◇p nayo pia, na ukisimama kwenye 1 huwezi tena kusema kwamba shufwa ni lazima. Lakini tazama 0, ambayo sasa mshale wake pekee unarudi kwake yenyewe. Pale s ↔ ◇¬s inakuwa s ↔ ¬s, jambo lisilowezekana.

Wengine wakifika hapa hulaumu kanuni ya □ na ◇. Haina kosa: kwenye 0 mpya, □s na ¬◇¬s bado zina thamani ileile. Kosa liko kwenye s. Mchezo wenye kupitisha zamu hauishi, hivyo "mimi sina njia ya kushinda" haimaanishi tena kwamba mpinzani anayo. Tunahitaji herufi mbili badala ya moja: s kwa mwenye njia ya kushinda, k kwa asiyeweza kukwepa kushindwa, na kanuni mbili, s ↔ ◇k na k ↔ □s. Kubali tu kituo kiitwe s au k pale hesabu inapolazimisha, na utakuta kwenye 0 hakuna kinacholazimisha lolote: si s, si k. Vivyo hivyo kwenye 1, 2, 3 na kuendelea. Hakuna mahali popote pa kuanzia, kwa kuwa hakuna tena kituo kisicho na mshale.