Skwea mita ya bango: unalipia kipimo kipi?

Ukiuliza bei ya kuchapisha bango la vinili, utajibiwa kwa skwea mita, yaani mita moja ya mraba: urefu mara kimo, ukizidisha na bei. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Ugomvi unatokea pale mteja anapokokotoa ukubwa wa bango atakaloliona ukutani, huku mwenye mashine akikokotoa ukubwa wa turubai atakalolikata. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na wakati mwingine kinaongezeka cha tatu.

Tuchukue bango la duka lenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.2, na bei ya mfano iwe shilingi 12,000 za Tanzania kwa skwea mita. Bei halisi hupanda na kushuka kwa mji, mashine na uzito wa turubai, kwa hiyo weka ya kwenu.

Kipimo cha kwanza ni bango lililokamilika, kile ambacho mpita njia anakiona. Hapa ni 3 × 1.2, sawa na skwea mita 3.6, na gharama yake ni shilingi 43,200.

Kipimo cha pili kinahesabu pindo. Ukingo wa bango hukunjwa kwenda nyuma kama pindo la shuka ili usichanike, na kila upande unahitaji turubai la ziada. Kwa pindo la sentimita 4, turubai linakatwa mita 3.08 kwa 1.28. Hiyo ni skwea mita 3.94, na gharama inafika kama shilingi 47,300.

Kipimo cha tatu ni cha roli. Turubai huja kwenye roli zenye upana uliokwisha pangwa kiwandani, kwa mfano mita 1.37, 1.6 au 3.2. Bango la kimo cha 1.28 likichapishwa kwenye roli ya 1.6, kinabaki kipande chembamba cha sentimita 32 kwa urefu wote wa mita 3, ambacho mara nyingi hakina kazi. Mwenye mashine akikulipisha upana mzima wa roli, unalipia 3.08 × 1.6, yaani skwea mita 4.93, karibu shilingi 59,100. Bango ni lilelile, bei imepanda kwa takribani shilingi 16,000, na hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amepima kitu chake.

Ndiyo maana swali la maana zaidi dukani si "skwea mita bei gani?" bali "unahesabu bango lililokamilika, turubai lililokatwa, au upana wa roli?" Ukijibiwa kwamba ni upana wa roli, uliza roli zilizopo. Kwenye roli ya 1.37, bango letu linatumia skwea mita 4.22 tu. Kwenye roli ya 3.2, linaweza kupangwa sambamba na kazi ya mteja mwingine, na hapo hakuna sababu ya wewe kubeba mabaki. Na kama iliyopo ni ya 1.6 peke yake, tazama ukuta wako tena. Kimo cha mita 1.5 pamoja na pindo ni 1.58, bado kinaingia kwenye roli hiyohiyo, kwa sababu pindo si lazima lipakwe wino hadi ukingoni. Unapata sentimita 30 zaidi za maandishi kwa turubai ambalo ungelilipia kwa vyovyote.

Wanaopima kwa futi wana mtego wao. Skwea mita moja ni futi za mraba 10.76. Lakini mazoea ya kusema "futi tatu ni mita" huwafanya watu wagawe kwa 9. Bango la futi 10 kwa 4 ni futi za mraba 40. Ukigawa kwa 10.76 unapata skwea mita 3.72, ukigawa kwa 9 unapata 4.44. Tofauti hiyo, kwa bei yetu ya mfano, ni zaidi ya shilingi 8,600. Pima kwa sentimita tangu mwanzo.

Bei ya skwea mita haina maana bila uzito wa turubai. Turubai la vinili ni nyuzi za poliesta zilizofumwa kama wavu, zikafunikwa plastiki pande zote mbili. Uzito wake hutajwa kwa gramu kwa skwea mita. La gramu 280 ni jepesi, linafaa kwa shughuli ya siku chache, na la gramu 440 ndilo la kutundika nje kwa miezi. Kwa macho yanafanana sana yakishachapishwa, kwa hiyo usibishane, pima. Turubai letu la skwea mita 3.94 likiwa la gramu 440 litakuwa na uzito wa kama kilo 1.7. Likiwa la gramu 280 halitazidi sana kilo 1.1. Mzani wa dukani unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Kabla ya kuchapisha, omba kipande cha sentimita 10 kwa 10 ukipime kwenye mzani mdogo: gramu 4.4 ni turubai zito, gramu 2.8 ni jepesi.

Sasa pindo. Njia inayodumu kwa bango la nje ni kuunganisha kwa hewa ya moto: plastiki ya tabaka mbili inayeyuka kidogo, inakandamizwa kwa rola, inapoa ikiwa kitu kimoja. Wengine hutumia gundi au utepe wenye gundi pande mbili, ambavyo hufanya kazi ikiwa turubai lilikuwa safi na kavu, ila jua la mchana juu ya bango la rangi nyeusi hulainisha gundi na pindo huanza kuachia kwenye kona. Kushona kwa cherehani nako kunashika, mradi uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza kwa mvua na jua.

Jaribu pindo kabla ya kulipa. Liache lipoe kabisa, kisha shika ncha ya kona na uivute taratibu kwa kidole gumba. Likiachana laini na kubaki na uso unaong'aa, plastiki haikuungana, ilibanwa tu. Likigoma, au likikwanyua plastiki mpaka nyuzi za ndani zikaonekana, muungano ni mzuri. Hili ni jaribio la sentimita mbili tu, fanya kwa upande wa nyuma.

Pete za chuma, ambazo mafundi wengine huziita aileti, hupigwa katikati ya pindo ili zishike tabaka mbili. Kwa pindo la sentimita 4, kitovu cha pete kinakaa sentimita 2 kutoka ukingoni. Kila pete ina sehemu mbili: yenye shingo inayopita kwenye tundu kutoka mbele, na kisahani kinachopokea shingo hiyo nyuma. Zikigongwa, shingo inafunguka na kukunjamana juu ya kisahani. Kosa la kawaida ni kutoboa tundu kubwa kuliko shingo. Pete itaonekana imekaa sawa, lakini izungushe kwa vidole. Ikizunguka bure, haijabana turubai, na upepo utaing'oa nzima huku ikiacha tundu lililoraruka.

Idadi ya pete hupatikana kwa kuanza na kona. Kila kona lazima iwe na pete, kisha upande unagawanywa sawasawa kwa nafasi zisizozidi sentimita 50. Upande wa mita 3, kutoka kona hadi kona, unapata nafasi 6 za kama sentimita 49. Upande wa mita 1.2 unapata nafasi 3 za kama sentimita 39. Kuzunguka bango zima ni nafasi 18, na kwa hiyo pete 18. Uliza kama zimo ndani ya bei ya skwea mita au zinahesabiwa moja moja.

Wapo wanaobana matumizi kwa kuweka pete 4 za kona peke yake, na hapo ndipo bango linapoharibika. Upepo wa mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa, ukiligonga bango kwa uso wake unasukuma kwa takribani paskali 138. Kwa skwea mita 3.6 hiyo ni nguvu kama ya mzigo wa kilo 50. Ukigawanywa kwa pete 18, kila moja inabeba chini ya kilo 3. Kwa pete 4, kila moja inabeba zaidi ya kilo 12, tena kwa kushtukizwa kila bango linapopiga kofi. Kwa wa pwani wanaojua kusi likishika kasi, hakuna haja ya kueleza zaidi. Kukata matundu ya nusu mwezi katikati ya bango ili "lipumue" si dawa: hupunguza nguvu kidogo sana, na kila tundu ni mahali pa kuanzia mchaniko.

Kitu kimoja huwatoroka wengi kwenye mchoro. Pete na pindo vinakula ukingo, kwa hiyo maandishi yakae angalau sentimita 6 kutoka ukingoni. Namba ya simu iliyobanwa chini kabisa huishia na pete iliyotoboa tarakimu ya mwisho, na 8 inasomeka kama kitu kisichojulikana. Rangi ya mandharinyuma nayo ipite mstari wa kukunjia kwa sentimita moja, ili pindo likikunjwa vibaya kidogo usibaki mstari mweupe pembeni.

Haya yote ni kwa bango la kufungwa kwa kamba. Kama fundi wa kuchomelea amekutengenezea fremu ya skwea paipu na turubai litavutwa juu yake, hulihitaji pindo wala pete. Unahitaji ziada ya sentimita 10 kila upande ya kuzungushia chuma na kubania skrubu nyuma. Bango letu litakatwa mita 3.2 kwa 1.4, skwea mita 4.48, na roli ya 1.37 haitoshi tena. Mwambie mwenye mashine tangu mwanzo, kwa sababu turubai lililokwisha kukatwa kwa pindo la sentimita 4 halirefushwi.

Oda inayoeleweka inaandikwa hivi: "Bango lililokamilika sm 300 kwa sm 120, turubai gramu 440, pindo sm 4 pande zote kwa hewa ya moto, pete 18 pamoja na kona, ziada nje ya kipimo hicho." Ukiituma ikiwa imeandikwa, na bei ikarudi ikiwa imeandikwa chini yake, fundi na mteja wanakuwa wanazungumzia bango moja.